Robo Kilo Iliyotimia: Namna ya Kuitambua Mizani ya Haki Dukani

Mlaji anayenunua kwa gunia na mlaji anayenunua kwa robo kilo hawapati hasara sawa mizani inapokosea. Mnunuzi wa gunia huweza kupoteza gramu chache asizozihisi, ilhali mnunuzi wa robo hupoteza sehemu kubwa ya kile alicholipia, tena hupoteza kila siku. Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, ni dalili zipi mlaji anaweza kuziona kwa macho yake akiwa amesimama mbele ya meza ya duka, na ni jambo gani mfanyabiashara mdogo anapaswa kulifanya ili mizani yake iaminike. Tumechagua duka la rejareja la mtaani, lile linalouza sukari, mchele, maharage na dagaa kwa kupima, kwa kuwa ndipo walaji wengi hukutana na mizani mara nyingi zaidi.

Kisa cha sukari iliyopungua

Tuchukue mfano wa duka moja la aina hiyo. Juu ya meza ipo mizani ya kielektroniki yenye uwezo wa kupima hadi kilo 15. Sukari inauzwa shilingi 3,000 kwa kilo. Mteja mmoja hununua robo kilo kila asubuhi, yaani gramu 250 kwa shilingi 750. Siku moja, akiwa njiani kurudi nyumbani, anapita kwa jirani yake anayeuza samaki, naye anaiweka sukari ile juu ya mizani ya jirani. Mizani inasoma gramu 195.

Mteja anarudi dukani. Hapigi kelele. Anasema, "Mzee, shikamoo. Naomba tuipime tena sukari hii, nadhani imepungua." Mwenye duka anaitikia salamu, kisha anasema kwa kujiamini kwamba mizani yake ni mpya na haijawahi kusema uongo. Anaichukua sukari, anaiweka juu ya mizani bila chombo chochote. Mizani inasoma gramu 195. Mizani mbili zimekubaliana, na sasa swali si tena kama sukari imepungua, bali imepungulia wapi.

Jibu lilikuwa mbele ya macho ya wote wawili. Kijana anayehudumia asubuhi huchota sukari kwa kijiko, huimwaga katika bakuli la plastiki lililo juu ya mizani, na kioo kinapofika 0.250 humimina sukari kwenye mfuko. Bakuli lile, lilipopimwa peke yake, lilikuwa na gramu 55. Kijana hakuwa akiuondoa uzito wa bakuli kabla ya kupima. Kila mteja alikuwa akiuziwa gramu 55 za bakuli kwa bei ya sukari, kisha bakuli linabaki dukani kumngoja mteja mwingine.

Hakuna aliyekusudia kuiba. Hata hivyo mteja aliibiwa, kwa maana fedha yake ilichukuliwa kwa kitu ambacho hakupewa. Hapa ndipo mlaji na mfanyabiashara wanapaswa kuelewana: haki ya kipimo haitegemei nia ya anayepima, bali hutegemea kile kilichomo ndani ya mfuko.

Kwa nini robo huumia zaidi

Kosa la bakuli lina tabia yake. Halikui wala halipungui kwa kufuata ukubwa wa mzigo. Awe mteja amenunua robo kilo au kilo saba, bakuli ni lile lile na gramu zinazopotea ni 55 zile zile, zenye thamani ya shilingi 165 kwa bei ya duka hili.

Sasa tulinganishe majirani wawili wanaotumia sukari kiasi kimoja, kilo saba na nusu kwa mwezi. Wa kwanza ana fedha za kutosha, hivyo hununua sukari yake yote mara moja mwanzoni mwa mwezi. Mizani inakosea mara moja, naye anapoteza gramu 55. Wa pili hupata kipato chake siku kwa siku, hivyo hununua robo kilo kila siku kwa siku 30. Mizani inakosea mara 30, naye anapoteza gramu 1,650, zaidi ya kilo moja na nusu. Kwa fedha ni shilingi 4,950. Katika kila shilingi 750 anayolipa, shilingi 165 hazimpi chochote. Kwa hakika yeye hanunui sukari kwa shilingi 3,000 kwa kilo. Anainunua kwa karibu shilingi 3,850.

Hesabu hii ndiyo sababu ya kumwomba mlaji wa kipato kidogo aitazame mizani kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote. Kosa dogo la mwanzo, lile linalojirudia katika kila upimaji, huchukua kutoka kwa yule anayenunua kidogo kidogo, na humwachia karibu haki yake yote yule anayenunua kwa wingi.

Kutazama sifuri mara mbili

Dawa ya kosa hili ni rahisi, na mlaji anaweza kuisimamia bila kugusa chochote. Atazame kioo cha mizani mara mbili: mara ya kwanza kabla bidhaa haijawekwa, na mara ya pili baada ya chombo kuondolewa.

Kabla ya bidhaa kuwekwa, kioo kinapaswa kusoma sifuri chombo cha kupimia kikiwa tayari juu ya mizani. Mizani nyingi za kielektroniki zina kitufe kilichoandikwa TARE. Kazi yake ni kuuhesabu uzito wa chombo kuwa ni sifuri. Muuzaji huweka bakuli, hubonyeza kitufe hicho, kioo husoma 0.000, ndipo huanza kumimina. Muuzaji anayeanza kumimina kabla kioo hakijasoma sifuri amekwisha kukosea, hata kama atapima kwa uangalifu mkubwa baada ya hapo.

Kutazama mara ya pili ndiko kunakosaidia zaidi, kwa kuwa walaji wengi hawakujui. Muuzaji anapoliinua bakuli kutoka juu ya mizani ili amimine sukari kwenye mfuko, kioo hakipaswi kurudi kwenye sifuri. Kinapaswa kuonyesha alama ya kutoa pamoja na uzito wa bakuli, katika mfano wetu −0.055. Alama hiyo maana yake ni kwamba mizani iliutoa uzito wa bakuli na sasa inalikosa bakuli lake. Ikiwa bakuli limeinuliwa na kioo kinasoma 0.000 kamili, mlaji atambue kwamba bakuli lilipimwa pamoja na sukari. Hana haja ya kubishana. Amwombe tu muuzaji aweke bakuli tupu juu ya mizani na wote wawili wasome.

Kwa mizani ya saa, yaani ile yenye sahani juu na mshale unaozunguka kwenye uso wenye namba, hakuna kitufe cha kuondoa uzito wa chombo. Hapo mshale huwekwa kwenye sifuri kwa kuzungusha skrubu ndogo, sahani yake ikiwa mahali pake. Mlaji atazame kama mshale umetulia juu ya sifuri kabla ya kupima, na kama hakuna chombo cha ziada kilichoongezwa juu ya sahani. Kuutazama mshale ukiwa pembeni hudanganya jicho. Usimame mbele yake, macho yakiwa sawa na uso wa mizani.

Sifuri pia huharibiwa na mambo madogo ya dukani. Feni inayopuliza juu ya sahani husukuma usomaji juu na chini. Unga ulioganda chini ya sahani huizuia isishuke vizuri. Meza iliyoinama hubadili uzito unaosomeka, na ndiyo maana mizani nyingi za mezani huwa na kichupa kidogo chenye kiputo cha hewa. Kiputo kikiwa katikati ya duara, mizani imekaa sawasawa. Muuzaji makini hulitazama jambo hilo kila asubuhi, naye mlaji ana haki ya kulitazama pia.

Kosa ambalo sifuri hailionyeshi

Lipo kosa la pili ambalo mlaji hawezi kuligundua kwa kutazama sifuri. Mizani inaweza kuanza kwenye sifuri sahihi kabisa, kisha ikaongeza kidogo katika kila kilo. Katika mizani ya saa, uzito hupimwa kwa kuvuta au kukandamiza springi. Springi iliyochoka, au iliyochezewa na mtu asiyehusika, hunyooka kuliko inavyopaswa. Skrubu ya kurekebisha sifuri hurudisha mshale mwanzoni, lakini haitibu springi. Mizani inaonekana nzima ikiwa tupu, na inadanganya ikiwa na mzigo.

Tuseme mizani inaongeza gramu 40 katika kila kilo. Mteja wa kilo moja atapata takriban gramu 960, mteja wa robo atapata takriban gramu 240, na mteja wa kilo tano atapungukiwa na karibu gramu 200. Kosa hili, tofauti na lile la bakuli, huwagawia wote hasara kwa uwiano mmoja. Mnunuzi wa robo kila siku na mnunuzi wa mara moja kwa mwezi watapoteza sawa, karibu gramu 300 kwa kilo saba na nusu.

Namna ya kuyatenganisha makosa haya mawili ni kupima vitu viwili vyenye uzito unaojulikana, kimoja kidogo na kingine kikubwa. Ikiwa tofauti ni ile ile kwa vyote viwili, kosa liko mwanzoni: sifuri au chombo. Ikiwa tofauti inakua kadiri mzigo unavyokua, kosa liko katika mizani yenyewe. Mwenye duka wa mfano wetu alifanya hivyo. Aliazima jiwe la mizani la kilo 1 na la kilo 5, yote yakiwa yamekaguliwa. Jiwe la kilo 1 lilisoma 1.000 na la kilo 5 lilisoma 5.000. Hapo akajua kwamba mizani yake ni nzima na kwamba tatizo lake ni bakuli na mazoea ya kijana wake. Kama jiwe la kilo 1 lingesoma 1.040 na la kilo 5 likasoma 5.200, angejua kwamba mizani ina ugonjwa wa ndani, nao hauponi kwa kubonyeza kitufe.

Mlaji asiye na jiwe la mizani anaweza kufanya jaribio dogo ambalo halitoi hukumu ya mwisho, lakini huonyesha kosa kubwa. Aombe pakiti ya kiwandani ya kilo 1 ya sukari au chumvi, ambayo haijafunguliwa, iwekwe juu ya mizani. Pakiti yenyewe ina uzito wake mdogo, na ujazo wa kiwandani huweza kutofautiana kwa gramu chache. Hivyo usomaji wa gramu 1,005 au 1,010 si jambo la kushangaza. Usomaji wa gramu 1,050 ni sababu nzuri ya kuuliza.

Mizani ya mikono miwili na mawe yake

Sokoni bado ipo mizani ya mikono miwili, yenye sahani mbili zinazoning'inia au kukaa juu ya mkono mmoja mrefu. Hii haitumii springi. Hulinganisha bidhaa na mawe. Uhaki wake unategemea mambo mawili: mikono iwe na urefu sawa, na mawe yawe na uzito wake kamili.

Mikono hujaribiwa kwa kubadilishana sahani. Bidhaa ikiwa kushoto na jiwe la kilo 1 kulia, na mizani ikiwa imesimama sawa, muuzaji avihamishe: jiwe liende kushoto, bidhaa iende kulia. Mizani ya haki itasimama sawa tena. Ikiwa upande mmoja umezama, mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, na aliyekuwa akiweka bidhaa upande wa mkono mrefu alikuwa akitoa pungufu. Jaribio hili huchukua nusu dakika, na halihitaji kifaa chochote cha ziada.

Lakini kubadilishana sahani hakulifichui jiwe lililo jepesi, kwa sababu jiwe jepesi ni jepesi kila upande. Mawe mengi ya chuma huwa na tundu lililojazwa risasi ili kusawazisha uzito wake, na juu ya risasi hiyo hugongwa muhuri wa ukaguzi. Mlaji akiona tundu tupu, au jiwe lililoliwa na kutu, au jiwe la kawaida la barabarani au kipande cha chuma kisicho na alama kikitumika kama kipimo, aelewe kwamba hakuna anayejua uzito wake.

Stika, lakiri na maandishi ya kwenye mizani

Kwa kuwa mlaji hawezi kupekua springi wala kufungua mizani ya kielektroniki, sheria imemwekea mtu wa kufanya kazi hiyo kwa niaba yake. Tanzania Bara ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na msimamizi wake ni Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Mizani inayotumika katika biashara hukaguliwa kila mwaka kwa mawe ya kulinganishia. Ikifaulu, hubandikwa stika na kufungwa kwa lakiri ili isifunguliwe. Mlaji anapoitazama stika asiishie kuona kwamba ipo. Asome mwaka wake. Stika ya mwaka uliopita inaeleza jinsi mizani ilivyokuwa, haielezi jinsi ilivyo.

Lakiri iliyokatika ni dalili nzito kuliko stika iliyochakaa. Mizani ikiharibika, mwenye duka anapaswa kuipeleka kwa fundi mwenye leseni, na baada ya matengenezo ikaguliwe upya kabla ya kurudi mezani. Fundi wa redio aliye jirani anaweza kuiwasha, lakini hana mamlaka ya kuithibitisha.

Kwenye bamba la mizani pia yapo maandishi machache ambayo walaji wengi hawayasomi. Mizani ya mfano wetu imeandikwa Max 15 kg, Min 100 g, e = 5 g. Maana yake ni kwamba haipimi zaidi ya kilo 15, haifai kupima chini ya gramu 100, na hatua yake ya kupimia ni gramu 5. Hata mizani iliyokaguliwa huruhusiwa hitilafu ndogo. Kwa kiwango cha kimataifa, mizani ya namna hii ikiwa kazini inaweza kukosea hadi gramu 5 kwa mzigo wa kilo 1. Kwa sukari ya kilo moja, hiyo ni thamani ya shilingi 15, na mlaji hana sababu ya kugombana nayo. Lakini anayenunua gramu 50 za iliki juu ya mizani hiyo hiyo yuko katika hali nyingine kabisa. Yuko chini ya kiwango cha mizani, na gramu 5 ni sehemu ya kumi ya kile anachonunua. Bidhaa ghali inayouzwa kwa uzito mdogo huhitaji mizani ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Pakiti zilizofungwa mapema

Wafanyabiashara wengi hufunga bidhaa usiku ili kuharakisha mauzo ya asubuhi: nusu kilo ya maharage, nusu kilo ya dagaa, robo ya karanga. Hapa mlaji haoni mizani, na lebo ndiyo inayosimama mahali pa mizani. Kwa hiyo lebo inapaswa kusema kile ambacho mizani ingesema: jina la bidhaa, uzito halisi, jina na anwani ya aliyeifunga, na tarehe. Uzito halisi ni uzito wa bidhaa peke yake, bila mfuko, bila kopo, bila sahani ya plastiki. Pakiti iliyoandikwa "500 g" inamaanisha gramu 500 za dagaa, si gramu 500 za dagaa na mfuko wake.

Mashine za kufungia hazijazi pakiti zote sawasawa, na mikono ya mtu ni zaidi. Kiwango cha kimataifa kinachofuatwa na mamlaka za vipimo katika nchi nyingi, kile cha Shirika la Kimataifa la Upimaji wa Kisheria, kinaweka masharti mawili yanayokwenda pamoja. Wastani wa pakiti zote usiwe chini ya uzito ulioandikwa. Pia upungufu wa pakiti moja moja usizidi kiasi kilichowekwa, ambacho kwa pakiti ya gramu 500 ni gramu 15, na kwa pakiti ya kilo 1 pia ni gramu 15. Sharti la wastani ndilo linalomlinda mlaji zaidi, kwa kuwa humzuia mfungaji asifanye ule upungufu unaovumiliwa kuwa ndio kipimo chake cha kila siku. Pakiti moja ikipungua, nyingine inapaswa kuzidi.

Dagaa ni mfano mzuri wa mahali ambapo mfungaji mwaminifu huweza kukosea. Akiwafunga kabla hawajakauka sawasawa, mizani itasoma gramu 500 kwa haki. Ikiwa mfuko unapitisha hewa, maji yatatoka kidogo kidogo, na baada ya siku kadhaa pakiti itakuwa na gramu 480. Upungufu ni gramu 20, zaidi ya zile 15. Hakuna aliyechukua dagaa hata mmoja, lakini lebo imekuwa ya uongo. Njia sahihi ni kuwakausha kwanza, kupima baadaye, na kutumia mfuko usiopitisha unyevu. Mfungaji anayejua kwamba bidhaa yake hupungua anapaswa kuongeza mwanzoni, kwa sababu lebo humwahidi mlaji uzito wa siku anaponunua.

Mlaji akipunjwa afanye nini

Hatua ya kwanza ni ile aliyoichukua mteja wa sukari: kupima tena mbele ya muuzaji, bidhaa ikiwa haijafunguliwa wala kupunguzwa. Sukari iliyokwisha kuingia kwenye chai haiwezi kuthibitisha kitu. Ikiwa muuzaji anakubali, wapime kwanza bidhaa, kisha chombo kikiwa tupu, kisha kitu chenye uzito unaojulikana. Mara nyingi jambo humalizika hapo hapo.

Ikiwa muuzaji anakataa kupima upya, au kosa linajirudia, mlaji asiendelee kubishana mezani. Aihifadhi bidhaa kama ilivyo, aipime katika mizani nyingine yenye stika ya mwaka huu, aandike siku, saa, bidhaa, bei na uzito aliodaiwa kupewa, kisha apeleke taarifa katika ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wake. Mkaguzi ndiye mwenye mawe ya kulinganishia na ndiye mwenye mamlaka ya kuizuia mizani isitumike. Taarifa yenye namba hizo chache humsaidia kuliko malalamiko marefu yasiyo na kipimo.

Tumalizie na duka letu. Mwenye duka alimpa mteja gramu 55 alizokosa siku ile, akamwomba radhi. Hakuweza kuzihesabu za siku zilizopita, naye alilisema hilo waziwazi. Kisha alifanya mambo matatu. Alibandika karatasi ndogo mbele ya kijana wake: bakuli kwanza, kitufe, sifuri, ndipo sukari. Aligeuza kioo cha mizani kikawaelekea wateja. Na alinunua jiwe la kilo 1 lenye muhuri, akaliweka kando ya mizani, ambapo mteja yeyote anaweza kuomba lipimwe.

Asubuhi iliyofuata mteja yule alirudi kununua robo yake. Kijana aliweka bakuli, akabonyeza kitufe, kioo kikasoma 0.000. Sukari ikafika 0.250. Bakuli lilipoinuliwa, kioo kikasoma −0.055. Mteja alikuwa anakitazama.